Mchezaji Anapoacha Gemu Haagi

Mtu akichoka na gemu, haagi. Anairudisha simu mfukoni daladala inapowadia, na kesho yake anafungua kitu kingine. Mtengenezaji anabaki na kimya, na kimya hakimwambii kama gemu ilikuwa ngumu mno, kama ilichosha, au kama kitufe cha kuendelea hakikuonekana kwenye skrini ya mtu yule. Maoni yanayoachwa mahali gemu inapopakuliwa hayamsaidii sana, kwa kuwa huandikwa na walioipenda mno au walioichukia mno. Aliyekwama katika hatua ya nne, akajaribu mara mbili kisha akaachana nayo, hana sababu ya kuandika chochote.

Ndiyo maana gemu nyingi siku hizi zina sehemu ndogo inayotuma taarifa kwa mtengenezaji: hapa mchezaji amefika, pale amemaliza, pale ameshindwa. Taarifa hizo huitwa telemetria. Makala haya yanahusu swali moja ndani yake. Mtengenezaji mdogo asiyetaka kujua mchezaji ni nani, na mwenye nafasi ya kupima mambo machache tu, aanze na yapi ili ajue watu wanakwama wapi na wanaacha wapi?

Kazi yenyewe si ngeni. Juni 2006 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa Half-Life 2: Episode One, gemu ya kompyuta ya mapigano na mafumbo, ikaiwekea uwezo wa kutuma takwimu bila majina ya wachezaji. Kisha ikafanya jambo ambalo kampuni nyingi huliogopa: ikazianika takwimu hizo hadharani. Mtu yeyote aliweza kuona wachezaji wamefika ramani ipi, wanatumia muda gani na wanakufa mara ngapi katika kila ramani. Mwaka uliofuata, Episode Two ilipotoka, Valve iliongeza picha za ramani zenyewe zikiwa na rangi, na mahali walipofia wengi rangi ilikolea zaidi. Wenye kazi hii huziita ramani za joto.

Mwaka huohuo wa 2007, Halo 3 ilipokuwa ikitengenezwa na Bungie, wachezaji wa majaribio waliletwa katika maabara ya Microsoft na mienendo yao ikarekodiwa. Alama ya kila mchezaji kwenye ramani ilibadilika rangi kadiri muda ulivyopita. Pale watu walipokwenda mbele bila shida, rangi zilifuatana kwa zamu. Katika sehemu moja zilichanganyika ovyo, maana watu walizunguka, wakarudi walikotoka, wakazunguka tena. Bungie walibadilisha ardhi ya mahali hapo kidogo tu, mchezaji akawa anaruka kutoka kwenye ukingo mrefu asioweza kuupanda tena, na njia ya kurudi nyuma ikafungika.

Naupenda mfano huo kwa sababu waliopotea pale hawakuwa wakifa. Ramani ya vifo isingeonyesha doa lolote. Kupotea, kungoja kitu kisichokuja na kutojua ubonyeze wapi huwaondoa watu kimyakimya, na mtengenezaji anayehesabu vifo tu hataviona.

Maabara, hata hivyo, ina kitu ambacho nyumbani hakipo. Mtu aliyeletwa kucheza mbele ya watafiti hataondoka dakika ya tatu, hata akichoshwa. Nyumbani anaondoka. Na kuondoka ndiko kunakosumbua kukupima, kwa sababu hakuna tukio linaloitwa kuacha. Gemu haijui kwamba mtu ameiacha. Inajua tu kwamba haijafunguliwa.

Watengenezaji wapya wengi huandika msimbo wa kutuma taarifa mtu anapoifunga gemu: alikuwa hatua gani, amecheza dakika ngapi. Jambo hilo linaonekana la busara, lakini kwenye simu mfumo wa Android unaweza kuizima programu iliyowekwa kando bila kuipa nafasi ya kusema lolote, hasa simu ikiwa na kumbukumbu ndogo. Wakiligundua hilo, huamua kuitunza taarifa simuni na kuituma gemu itakapofunguliwa tena. Hapo ndipo kosa kubwa linapoingia. Asiyerudi hafungui tena. Data itakayofika ni ya waliorudi peke yao, na wale hasa waliokuwa wakitafutwa watakuwa wametoweka katika hesabu. Jedwali litapendeza, nalo litadanganya.

Njia iliyo salama zaidi ni kutuma taarifa mtu anapofika mahali, si anapoondoka. Gemu inagawanywa katika vituo: imefunguliwa, menyu imeonekana, skrini imeguswa mara ya kwanza, hatua ya kwanza imeanza, hatua ya kwanza imemalizwa, na kuendelea. Simu inatuma taarifa ya kila kituo mara moja tu, mara ya kwanza mchezaji anapokifikia, kisha inajiandikia yenyewe kwamba kituo hicho kimeshatumwa. Upande wa pili hakuna kinachotakiwa zaidi ya kuhesabu. Walioacha hawahitaji kutuma chochote, kwa kuwa wanaonekana katika tofauti ya hesabu kati ya kituo kimoja na kinachofuata.

Vituo vile vitatu vya mwanzo, kabla hata ya hatua ya kwanza, visirukwe. Mtengenezaji huwaza ugumu wa hatua alizozisumbukia, kumbe baadhi ya watu wameondoka gemu ikiwa bado inapakia picha zake kwenye simu ya bei nafuu, wakitazama skrini nyeusi. Bila kituo cha "imefunguliwa" kinachotumwa mapema kabisa, watu hao hawajawahi kuwepo.

Kwa kila hatua ya gemu ningeanza na vituo vitatu tu: ameianza, ameshindwa kwa mara ya kwanza, ameimaliza. Hicho cha katikati watu hukisahau, nacho ndicho kinachomtenganisha aliyejaribu akashindwa na yule ambaye hakujaribu kabisa. Taarifa moja inaweza kuwa hivi:

```json
{"v":"0.3.1","ev":"level_done","level":3,
 "tries":"2-3","scr":"small","wk":"2025-W14","id":"b71e09c4"}
```

Kwanza kuna toleo la gemu, kisha kituo chenyewe, hatua, idadi ya majaribio ikiwa imewekwa katika mafungu, ukubwa wa skrini, na wiki ambayo gemu ilifunguliwa kwa mara ya kwanza kwenye simu hiyo. Ile `id` ya mwisho si ya mchezaji wala ya simu. Ni namba ya bahati nasibu ya taarifa hii moja, na taarifa inayofuata inapewa nyingine. Kazi yake ni kuzuia kuhesabu mara mbili. Mtandao ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya simu kupata jibu, simu itatuma tena, na seva ikiiona namba ileile itaitupa nakala ya pili.

Wiki ya kufungua ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Aliyeipakua gemu jana na kufika hatua ya pili hajaacha. Bado anacheza. Ukimchanganya na wote, hatua ya tatu itaonekana inafukuza watu kumbe wengi hawajaifikia. Kwa hiyo unahesabu waliofungua wiki fulani, unangoja wiki mbili nyingine zipite, ndipo unasoma. Kungoja huko kunawapa nafasi pia wale wasio na bando. Taarifa zao zinakaa kwenye foleni simuni na kutumwa siku mtandao ukirudi. Uzito wake hautawaumiza, kwani kila moja ni baiti mia moja na ushei, na hata ukiongeza yale ambayo intaneti yenyewe huambatanisha, safari nzima ya mchezaji haifikii picha moja ya WhatsApp. Lakini ipo hasara ambayo foleni haiitibu: anayecheza bila mtandao siku zote, kisha akaifuta gemu, hutamwona kamwe.

Sasa, hilo jambo la kutojua mchezaji ni nani. Mazoea yaliyoenea ni kumpa kila mchezaji kitambulisho cha bahati nasibu siku ya kwanza na kukiambatanisha na kila taarifa, kisha kusema kwamba data haina majina. Haina majina, kweli, lakini inamfuata mtu mmoja wiki hadi wiki: saa anazocheza, simu anayotumia, mji anakotokea. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inavitambua vitambulisho vya mtandaoni kuwa vinaweza kuwa taarifa binafsi, kwa sababu vinamtenga mtu mmoja na wenzake hata pasipo jina. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtengenezaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayekusanya mienendo ya watu hana budi kuzisoma, zaidi sana gemu yake ikichezwa na watoto.

Uzuri wa vituo vinavyotumwa mara moja ni kwamba havihitaji kitambulisho hicho hata kidogo. Simu yenyewe ndiyo inayokumbuka ilichokwisha kutuma, na seva inajua tu kwamba mtu mmoja zaidi amefika hatua ya tano. Hata hivyo mambo kadhaa huvujisha utambulisho bila mtu kukusudia. Seva yoyote huiona anwani ya IP ya anayeiandikia, na nyingi huiweka kwenye kumbukumbu zake bila kuulizwa, hivyo sehemu hiyo izimwe. Muda wa kupokea upunguzwe ubaki tarehe tu. Aina kamili ya simu isitumwe, kwa sababu simu isiyo ya kawaida ikiunganishwa na lugha na nchi inaweza kumwonyesha mtu mmoja waziwazi. Ndiyo maana katika mfano wetu skrini ni ndogo, ya kati au kubwa, basi. Hata wiki yenyewe, ikiwa waliofungua ni watu watatu tu, iunganishwe na ya jirani yake. Na mchezaji aelezwe mwanzoni, kwa sentensi mbili za kueleweka, kinachotumwa na sababu yake, akiwa na kitufe cha kukataa ambacho kikibonyezwa kinazima kila kitu kweli.

Tuchukue mfano wa kubuni tuone hesabu inavyosomwa. Kuna gemu ya simu ya kuongoza jahazi katikati ya miamba, yenye hatua ishirini. Kati ya waliofungua wiki moja, simu 1,000 zilituma kituo cha kwanza. Menyu ilionekana kwa 930, na 880 wakagusa skrini. Hatua ya kwanza ilimalizwa na 815, ya pili na 770, ya tatu na 720. Hatua ya nne ilianzwa na 690 na kumalizwa na 430.

Usiitazame ile 430 peke yake, wala asilimia yake katika ile 1,000. Kila gemu hupungukiwa watu njiani, kwa hiyo hesabu ya mwisho siku zote itatisha. Gawanya kila kituo kwa kilichokitangulia. Mwanzoni wanapita tisini na kitu kati ya kila mia, kituo baada ya kituo. Katika hatua ya nne wanapita 62 tu. Hapo watu 260 wamepotea ndani ya hatua moja.

Mtengenezaji mwenye haraka atairahisisha hatua hiyo: atapunguza miamba, atatuliza upepo. Lakini kabla ya kugusa chochote, atazame kile kituo cha kushindwa. Kati ya wale 260, waliowahi kutuma kwamba wameshindwa ni 80. Wengine 180 waliianza hatua ya nne na hawakuzamisha jahazi hata mara moja. Hawakushindwa, hawakumaliza, waliondoka tu. Ugumu hauwezi kuwa ndio uliowafukuza, kwa sababu hawakuonja ugumu wowote.

Hatua inayofuata ni kugawa hesabu kwa ukubwa wa skrini. Walioianza wakiwa na skrini kubwa au za kati walikuwa 300, na 276 wakamaliza, yaani 92 kati ya mia. Wenye skrini ndogo walikuwa 390, na 154 tu wakamaliza, yaani 39 kati ya mia. Kati ya wale 180 walioondoka bila kushindwa, 171 ni wa skrini ndogo. Hatua ni ileile, miamba ni ileile, tofauti iko kwenye kioo.

Hapa data inafika mwisho wa uwezo wake. Imesema wapi na imesema nani kwa maana ya aina ya simu, lakini sababu haijaitaja. Sababu inatafutwa kwa macho. Mtengenezaji achukue simu yenye skrini ndogo, ampe mtu ambaye hajawahi kuiona gemu, akae kando na anyamaze. Kunyamaza ni sharti, kwa sababu ukimwelekeza umeliharibu jaribio. Katika gemu yetu hatua tatu za mwanzo jahazi linaanza likiwa linakwenda. Ya nne inaanza nanga ikiwa chini, na kitufe cha kuing'oa kimewekwa ukingoni kabisa mwa skrini. Kwenye simu ndogo kinafunikwa na vitufe vya simu yenyewe. Mchezaji anatazama jahazi limesimama, anagusa hapa, anagusa pale, anadhani gemu imekwama, anaifunga. Dakika chache za kutazama zinaeleza kile ambacho jedwali lisingeeleza mwaka mzima, ila bila jedwali asingejua aanze na simu ipi wala hatua ipi.

Kitufe kikisogezwa, linatoka toleo 0.3.2. Wanaohesabiwa sasa ni wale walioifungua gemu kwa mara ya kwanza wakiwa na toleo hilo, kwa sababu mchezaji wa zamani aliyerudi tayari alishaishi na kasoro. Tuseme watu 200 wapya wenye skrini ndogo wameianza hatua ya nne na 178 wameimaliza, sawa na 89 kati ya mia. Je, ni bahati? Kipimo cha haraka ni kugawa moja kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kwa watu 200 kinatoka takriban asilimia 7, na hiyo ndiyo nafasi ya kuyumba juu au chini. Kutoka 39 hadi 89 ni mbali sana na kuyumba. Lakini mtengenezaji mwenye watu 25 tu ana nafasi ya kuyumba ya asilimia 20, na akiona hatua moja ina 80 na nyingine 70, hajaona kitu bado. Kwa gemu changa kama hiyo, watu watano wa kutazamwa kwa macho wana faida kuliko telemetria yoyote.

Kuna uchafu mmoja unaoingia katika hesabu za karibu kila gemu ndogo, nao ni mtengenezaji mwenyewe. Anaifungua gemu mara nyingi kwa siku, anaruka hatua, anafuta na kupakia upya. Kila upakiaji upya unahesabika kama mtu mpya, na watu hao wapya wote wanacheza kwa ustadi wa kutisha. Toleo la kazini lisitume chochote kwenye seva ya wachezaji.

Na vifo, ambavyo kila mtu hutamani kuanza navyo kwa sababu ramani ya joto inavutia macho? Vina nafasi yake, mradi vigawanywe kwa idadi ya waliofika mahali pale. Mwanzo wa gemu hupitiwa na wote na mwisho hupitiwa na wachache, hivyo vifo visivyogawanywa vitafanya mwanzo uonekane wa hatari daima. Tena kufa si kuacha. Zipo sehemu ambazo watu wanakufa mara kumi na bado wanaendelea kwa hamu, kwa sababu kila mara wanaona walichokosea. Ukizirahisisha umewaondolea kilichowafanya wabaki.

Hatua ya nne ikishatengemaa, watu wengi zaidi wanafika mbele, na pengo jingine linajitokeza ambalo awali lilifichwa na uchache wao. Tuseme ni hatua ya tisa, na safari hii karibu wote walioishia hapo walikwisha kutuma kile kituo cha kushindwa, wa skrini kubwa sawa na wa skrini ndogo. Huo sasa ni ugumu wa kweli, na ndipo inapofaa kuongeza kipimo kipya: bahari ya hatua ya tisa igawanywe miraba minane kwa minane, na kituo cha kushindwa kibebe namba ya mraba ambamo jahazi lilizama. Swali likishajibiwa, namba hiyo iondolewe katika toleo linalofuata.